Biti moja haitoshi

Nampinga mwandishi anayedai kwamba kipimo cha mvua kinachotuma namba kwa redio kutoka Machame hadi Moshi kinatosheka na biti moja ya ukaguzi. Biti hiyo hukwambia kuna kosa, haikwambii liko wapi. Tuchukue milimita 11, yaani 1011. Richard Hamming (1950) aliweka biti za ukaguzi nafasi ya 1, 2 na 4. Data hukaa 3, 5, 6 na 7. Kila biti ya ukaguzi husimamia kundi lake la nafasi; kila kundi likiwa na idadi shufwa ya moja, tunapata 0110011.

Nafasi ya 6 ikigeuka njiani, Moshi wanapokea 0110001 na mvua inasomeka 9. Kundi la biti ya 1 (1, 3, 5, 7) liko sawa. La biti ya 2 (2, 3, 6, 7) na la biti ya 4 (4, 5, 6, 7) yanatoa witiri. Jumlisha nafasi za biti hizo mbili, 2 + 4 = 6: geuza tena biti ya nafasi hiyo. Zikigeuka biti mbili, hapo utasahihisha pasipostahili.