Matangazo ya redio: iga mifupa ya tangazo la mshindani, acha maneno yake

Anayesikiliza redio asubuhi katika miji ya mashariki mwa Kongo anafahamu jambo hili. Duka moja likipata tangazo linalovuta watu, baada ya majuma machache maduka mengine matatu yanatangaza kwa maneno karibu yaleyale. Sauti ni nyingine na jina la duka limebadilishwa, lakini mwanzo, vichekesho na kilio cha mwisho ni vya yule wa kwanza. Wenye maduka wanafikiri wamechukua siri ya mshindani. Kwa kweli wanamlipia matangazo.

Sababu yake ni rahisi. Msikilizaji hakumbuki tangazo kwa jina la duka. Analikumbuka kwa maneno aliyoyasikia mara ya kwanza. Akiyasikia tena, kichwa chake kinampeleka kule alikoyasikia kwanza, na siku ya kununua ndiko miguu inakokwenda. Kwa hiyo mchuuzi anayelipia tangazo la mwezi mzima kwa maneno ya jirani anatoa feza yake ili jirani azidi kujulikana.

Hata hivyo, wanaosema kwamba tangazo la mshindani lisiguswe kabisa wanakosea pia. Tangazo linaloleta watu lina mpangilio: linaanza na jambo fulani, kisha jingine, na kila sentensi ina kazi yake. Mpangilio huo si mali ya mtu. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali ya akili, unaoihusu Kongo kama mwanachama, unasema katika kifungu cha 9 kwamba kinacholindwa ni jinsi wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe wala njia ya kufanya jambo. Maneno ya mtu ni yake. Mifupa iliyo chini ya maneno hayo, kila mtu anaweza kujifunza kwayo.

Mfano unaojulikana sana katika kazi hii unatoka Amerika. Karibu mwaka 1919, Bruce Barton aliandika tangazo la shule ya biashara, akilinganisha wanaume wawili waliotoka vitani wakiwa sawa, lakini baadaye maisha yao yakatofautiana. Miaka mingi baadaye, Martin Conroy aliliandikia gazeti la Wall Street Journal barua ya kutafuta wasomaji, akisimulia vijana wawili waliomaliza chuo pamoja na baadaye kutofautiana katika kazi. Mifupa ni ileile: watu wawili sawa, kisha tofauti, kisha swali la kitu gani kilileta tofauti hiyo. Lakini hadithi na bidhaa ni mpya. Barua ya Conroy ilitumwa tangu mwaka 1975 hadi 2003.

Je, mchuuzi wa Butembo au Bunia afanye nini? Kwanza achague tangazo linalofaa kuchunguzwa. Tangazo la kampuni kubwa ya simu halimfai. Kampuni hiyo inaweza kutangaza mwaka mzima ili jina lake lisisahaulike tu, hata kama hakuna anayenunua siku hiyo. Mchuuzi mdogo atafute tangazo la mtu wa kadiri yake, linaloomba msikilizaji afanye jambo leo, na ambalo limerudiwa kwa miezi. Mtu mwenye feza kidogo haendelei kulipia tangazo lisilomletea wateja.

Akilipata, alirekodi kwa simu na kuliandika lote kwenye karatasi, neno kwa neno. Tangazo la sekunde 30 kwa Kiswahili linabeba takriban maneno 60. Tuchukue tangazo la kutunga, la muuzaji wa majiko ya makala yenye udongo ndani:

«Mama, zamani gunia la makala lilikuwa linafika mwezi. Sasa majuma mawili tu, limekwisha. Kosa si lako. Mbabula ya bati inapoteza moto pembeni. Jiko letu lina udongo ndani, moto unabaki chini ya sufuria. Jirani yako amekwisha kulinunua, muulize. Tuko soko kuu, mlango wa pili. Ukinunua kabla ya Jumamosi, tunakuletea nyumbani bure.»

Kando ya kila sentensi, mchunguzi aandike kazi yake, si maana yake. Sentensi mbili za kwanza zinataja hasara ambayo mama anaipima kila siku nyumbani kwake. Zinazofuata zinamwondolea aibu na kumwonyesha chanzo asichokijua. Halafu linaelezwa jambo moja kuhusu namna kitu kinavyofanya kazi. Baadaye unakuja ushahidi ambao msikilizaji anaweza kuukagua mwenyewe. Mwisho ni mahali, na sababu ya kutokawia. Kazi sita: hasara, chanzo, namna, ushahidi, mahali, sababu ya leo.

Hatua inayofuata ndiyo wengi wanayoiruka. Karatasi yenye maneno ya mshindani iwekwe mbali, ibaki ile yenye kazi sita tu. Anayeandika huku maneno ya mwingine yako mbele ya macho yake ataishia kubadilisha neno moja kwa jingine. Ataandika «gunia lilikuwa linakufikisha mwisho wa mwezi, leo halifiki hata majuma mawili» na kudhani ametunga. Hakutunga. Msikilizaji atakwenda soko kuu, mlango wa pili.

Maneno mapya hayatoki kichwani, yanatoka kwa wateja. Tuseme fundi mmoja anatengeneza majiko ya namna hiyohiyo. Kabla ya kuandika, anawauliza wateja kumi: shida yako na jiko ni gani? Anagundua kwamba wengi hawalalamikii makala. Wanalalamika kwamba udongo wa ndani ulipasuka, wakatupa jiko zima. Fundi anajua sababu: watu wanazima makala kwa kumwagia maji, na udongo wenye moto ukipata maji baridi kwa ghafula unapasuka. Anajua pia kwamba bati la nje huwa bado zima, na udongo peke yake unaweza kubadilishwa. Sasa ana kitu ambacho mshindani hakukisema. Anajaza kazi sita:

«Udongo wa jiko lako umepasuka? Wengi wakiona ufa, wanatupa jiko zima na kurudia mbabula. Mama, jiko halijakufa. Ni maji ya kuzimia makala yanayopasua udongo, bati bado zima. Fundi anatoa udongo wa zamani na kuweka mpya huku unaangalia. Ni nyuma ya pakingi ya mabasi, mlango wa kijani. Kwa siku anapokea majiko kumi tu. Njoo asubuhi.»

Linganisha matangazo hayo mawili. Hakuna sentensi iliyohama kutoka la kwanza kwenda la pili, lakini yote mawili yanakwenda kwa hatua zilezile. Tena angalia mahali ambapo fundi alilazimika kuachana na mshindani. Hakuweza kusema «kosa si lako», kwa sababu ni mama mwenyewe aliyemwaga maji. Alichukua kazi ya maneno hayo, yaani kuondoa aibu, akasema «jiko halijakufa». Hakuwa na majirani walionunua, kwa hiyo ushahidi wake ni kazi inayofanyika mbele ya macho ya mteja. Hakuahidi kwamba jiko litapikiwa jioni ileile, kwa sababu saruji inayoshika udongo mpya inahitaji muda wa kukauka. Na sababu yake ya kutokawia si zawadi ya kubuni, ni hesabu ya kweli ya majiko ambayo mikono yake inaweza kuyamaliza kwa siku.

Hapo ndipo panapoonekana hatari ya kuiga bila kufikiri. Ahadi si mifupa. Mshindani akisema jiko lake linapunguza makala kwa nusu, hiyo ni habari ya jiko lake. Anayetaka kusema vile kuhusu jiko lake alipime kwanza: apime makala kwa mizani, apike kilo moja ya maharagi ya namna moja kwa sufuria moja, mara tatu kwenye mbabula na mara tatu kwenye jiko, kisha apime makala yaliyobaki. Asipopima, anadanganya kwa sauti ya redio. Mteja akigundua uongo huo nyumbani kwake, hakuna tangazo litakalomrudisha.

Mifupa yenyewe pia ina mahali pake. Mpangilio unaoanza na hasara na chanzo unafaa wakati msikilizaji ana shida lakini hajui inatoka wapi. Kwa sukari, mafuta au saruji, kila mtu anajua anachokitaka. Hapo kutumia sekunde 15 kumweleza shida yake ni kutupa feza. Anangoja bei na mahali tu. Na kwa dawa, mpangilio huohuo unakuwa hatari: kumtia mgonjwa woga, kisha kumpa chanzo kisichopimwa na daktari, kisha kumhimiza anunue leo. Mwenye duka la dawa asiuchukue, hata kama kwa majiko unaleta watu.

Kabla ya kwenda studio, kuna majaribio mawili yasiyogharimu kitu. La kwanza: weka jina na mahali pa mshindani ndani ya andiko lako. Kama linasomeka vizuri na linabaki kweli, bado si lako. Tangazo la fundi likiwekwa jina la muuzaji wa soko kuu linakuwa uongo, kwa sababu yeye habadilishi udongo. La pili: soma andiko kwa watu watano waliokwisha kusikia tangazo la mshindani, bila kutaja jina la duka. Uwaulize ni la nani. Wawili wakitaja mshindani, rudi kwenye karatasi na utafute sentensi iliyowapeleka huko. Mara nyingi ni ya kwanza.

Lawama haiwaangukii wachuuzi peke yao. Redio nyingi zinapokea feza, kisha mtangazaji anaandika andiko kwa dakika tano akikumbuka tangazo alilolisoma jana. Yeye ndiye anayesikia matangazo yote ya mji, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba maneno haya ni ya mwingine. Redio inayochukua feza ya mchuuzi ina deni la kumuuliza maswali mawili kabla ya kurekodi: wateja wako wanalalamikia nini, na wewe unafanya nini ambacho jirani yako hafanyi? Asiye na jibu la swali la pili hahitaji tangazo bado. Ni afadhali feza yake ibaki mfukoni mpaka alipate.