Mutunza feza anapotoka: barua yake na kaye zake

Juma lililopita mama mumoja wa hapa kwetu Kamango alinifikia kisha masomo, karatasi mukononi. Yeye anatunza feza za kikundi chao cha kuweka na kukopa. Aliniomba nimurekebishie barua ya kujitoa. Barua yenyewe ilikuwa mistari miwili tu: “Ninaacha kazi ya kutunza feza juu ya sababu za kifamilia. Mungu awabariki.”

Nikamuuliza: “Mama, ukiisoma hii mbele ya wenzako, watafikiri nini?”

Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: “Mwalimu, watasema nimekula feza.”

Na hakukula hata franka moja. Shida yake ni ingine. Kikundi chao, zaidi ya kuweka feza, kinauzisha kakao ya wanamemba pamoja, kusudi wapate bei muzuri kuliko kila mutu kwenda peke yake na kilo zake tano. Yeye ndiye anaandika kilo katika kaye na kupokea feza za mununuzi. Lakini tangu mwezi wa pili, bwana yake alianza kununua kakao kwa ajili ya depo moja. Na kikundi kikauzisha kwa depo hiyo.

Mara ya kwanza walipima mifuko ine, ikatoa kilo 312. Mununuzi akatoa kilo 2 kwa kila mufuko juu ya uzito wa mufuko na unyevu, akalipa kilo 304. Mununuzi wa zamani alikuwa anatoa kilo 1 tu kwa mufuko. Pengine kakao ile ilikuwa kweli haijakauka sawasawa, na kakao yenye unyevu inapoteza uzito ikifika depo. Pengine hapana. Wamama wawili walianza kunungunika. Aliyepashwa kusimama na kusema “Hapana, hapa ni kilo 1” alikuwa nani? Ni mutunza feza. Na aliyeshika mizani alikuwa nani? Ni bwana yake. Akisema kwa nguvu, anavunja nyumba yake. Akinyamaza, anaumiza wenzake. Alikuwa amesimama pande mbili za mizani moja.

Jambo hilo ndilo linaitwa mugongano wa faida. Si wizi. Mutu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na akawa ndani yake. Maana yake ni kwamba kazi aliyopewa inamuvuta huku, na faida ya nyumba yake inamuvuta kule, na hakuna mutu wa inje anayeweza kujua ni upande gani ulishinda siku ile.

Mama huyu aliniuliza kama hawezi tu kutoka inje wakati wanazungumuza juu ya kakao, kisha arudi. Hiyo ni njia muzuri kama jambo linakuja mara moja, kwa mufano dada yake akiomba mukopo: anatoka, wengine wanakata shauri, mwandishi anaandika kwamba alitoka. Lakini kakao inapimwa kila juma katika musimu, na kaye ya kilo iko mukononi mwake. Hawezi kutoka inje ya kazi yake yote. Kwa hiyo alipashwa kuiacha.

Tukaandika tena barua pamoja. Alikubali niitie hapa bila jina lake:

“Kwa prezida na wanamemba wote wa kikundi chetu,

Ninaomba kuacha kazi ya kutunza feza. Sababu ni hii: tangu tarehe 3 mwezi wa pili, bwana yangu ananunua kakao kwa depo ambayo kikundi chetu kinauzishia. Siwezi kulinda kilo zenu sawasawa nikiwa mukewe.

Tangu tarehe hiyo kikundi kiliuzisha kwake mara moja, mifuko ine, kilo 312 kwenye mizani, kilo 304 zilizolipwa. Feza ziligawanywa siku ileile kwa wenye kakao. Nilipashwa kuwaambia mbele ya siku hiyo. Sikusema, na ninaomba musamaha. Ninaomba mununuzi mwingine apime mifuko itakayofuata, kusudi mulinganishe.

Nitarudisha sanduku, kaye zote na risiti zote katika mukutano ujao, mbele ya wote. Mupaka siku hiyo sitapokea wala kutoa feza yoyote.

Ninaacha kazi, siachi kikundi. Mukopo wangu wa franka 200.000 nitaulipa kwa tarehe yake. Kama mukiona jambo lisilo wazi katika kaye, muniite, nitakuja kujibu.”

Muangalie vile barua inafanya kazi. Inasema faida yenyewe ni ipi na ilianza tarehe gani, kusudi watu wajue ni kurasa gani za kaye wapashwe kuangalia zaidi. Inasema alichofanya akiwa ndani ya mugongano, hata sehemu ambayo inamuletea haya. Inasema anarudisha nini na lini. Na haiombi kufunguliwa deni wala maulizo. “Sababu za kifamilia” zingeficha yote haya, na kunungunika kwa wamama wawili kungekuwa kwa wamama ishirini.

Barua ni nusu tu ya kazi. Nusu ingine ni kile sisi walimu tunaita remizi-reprizi. Direkta wa masomo akihamishwa, haachi ufunguo chini ya mulango na kwenda. Anahesabu madawati, vitabu na feza pamoja na anayeingia, wanaandika, wanatia sahihi wote wawili. Kikundi cha wamama kinapashwa kufanya vilevile.

Vikundi vyetu vingi vinafuata njia iliyoanza Niger mwaka wa 1991 na shirika CARE: sanduku lenye kadena tatu, na funguo tatu kwa wamama watatu wasio katika komite. Mutunza feza analaza sanduku nyumbani kwake lakini hana ufunguo. Sheria hiyo inasaidia sana siku ya kutoka, sababu sanduku linafunguliwa mbele ya macho ya wote. Musipokee kamwe sanduku usiku, nyumbani, mukiwa wawili. Hata kama feza zimetimia, hakuna atakayeamini.

Katika mukutano wao, kazi ya kwanza haikuwa kuhesabu feza. Ilikuwa kusoma vitabu. Kila mama alikuja na kitabu chake kidogo, akasoma kwa sauti idadi ya sehemu alizonunua, na mwandishi akalinganisha na kaye kuu. Hapa ndipo kosa linaonekana. Sanduku likihesabiwa kufuatana na kaye kuu tu, na kaye kuu iliandikwa vibaya, hesabu itaonekana sawa nayo ni uongo. Kitabu kidogo kinalala kwa mwenyewe, mutunza feza hawezi kukibadilisha.

Wanamemba ni 25, na kisha majuma 20 walikuwa wamenunua sehemu 1.500. Sehemu moja ni franka 2.000, kwa hiyo akiba ni 3.000.000. Faida ya mikopo iliyolipwa ni 180.000, na amandi za wenye kuchelewa ni 20.000. Jumla 3.200.000. Mikopo iliyo inje, mikononi mwa wamama tisa, ni 2.350.000. Basi sandukuni mulipashwa kubaki 850.000. Mufuko wa musaada unahesabiwa peke yake: ulipokea 250.000, ukatoa 160.000 kwa wagonjwa na vilio, ukabaki na 90.000. Yote pamoja: 940.000.

Kila mumoja wa wale wamama tisa alisimama akasema kiasi cha deni lake kwa kinywa chake, hata mutunza feza mwenyewe. Mukopo ambao hakuna mutu anaukubali ni feza ambazo hazipo, hata kama ziko katika kaye.

Kisha wakafungua kadena tatu. Wahesabu wawili wakahesabu kila mumoja peke yake. Wakapata 935.000. Zilipunguka 5.000.

Mama yule akatia mukono katika kitambaa chake kutafuta noti ya kujazia. Prezida akamukataza, na alifanya vizuri. Ukijaza kimyakimya, ripoti itasema feza zilitimia, na si kweli. Na siku ingine zikipunguka kwa mwenzako, mutamuona mwizi juu yeye hakujaza. Wakaandika: “Pungufu 5.000.” Ndipo akakumbuka kwamba alinunua kaye mbili na bike bila kuchukua risiti. Mwandishi akaonyesha zile kaye mbili. Kikundi kikakubali, kikaandika sababu chini ya pungufu, kisha kikaweka sheria: bila risiti, hakuna kulipwa.

Mwisho wakapiga mustari mwekundu chini ya ukurasa wa mwisho wa kila kaye, wakaandika tarehe na feza zilizobaki. Anayetoka alitia sahihi juu ya mustari, anayeingia chini yake. Mustari huo ni wa lazima. Anayeingia akiendelea tu kwenye ukurasa uleule, kosa likionekana mwezi wa sita hakuna atakayejua ni la nani. Wakaorodhesha pia vitu: sanduku moja, kadena tatu, kaye ine, mashini ya kuhesabia, bahasha ya risiti 14.

Ripoti iliandikwa mara mbili, na nakala hazilali nyumba moja. Sisi wa Kamango tunajua sababu. Mwezi wa saba 2013, makumi ya maelfu ya watu walipovuka kwenda Bundibugyo, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupanga makaratasi. Nyumba moja ikiachwa haraka, nakala ya pili ibaki na mwingine.

Kuhusu mutunza feza mupya, wamama fulani walitaja binti ya yule anayetoka, sababu amesoma. Wakakumbushana kwamba baba yake ni yuleyule mununuzi. Wakachagua mwingine, asiye na ufunguo na asiye na mutu wa nyumba yake katika biashara ya kakao. Na kilo sasa zinaandikwa na mwandishi, si na mutunza feza.

Juma lililofuata mununuzi mwingine alipima. Alitoa kilo 1 na nusu kwa mufuko. Si 1, si 2. Wamama wakacheka. Mama yetu alikuwa ameketi kati yao, kitabu chake kidogo mukononi, akinunua sehemu zake tatu kama kawaida.