Jina la mwenyewe likae kwenye lebo, si kwenye bango

Mwanamke anayefungua chumba kimoja cha kushona na kutengeneza nywele mara nyingi hufikiria jina siku mchoraji wa bango anapofika na kopo la rangi. Hapo hapo hutajwa jina lake au la mtoto wake wa kwanza, linaongezwa neno "Fasheni" au "Saluni", na kazi imekwisha. Mwaka wa tatu au wa nne ndipo jina hilo linapoanza kumgharimu.

Mkulima anayeuza mahindi hana haja kubwa ya jina. Mnunuzi huzamisha mkono kwenye gunia, hutafuna punje kujua kama imekauka, akaridhika au akaondoka. Gauni la harusi halipimwi hivyo. Mteja hutoa kitambaa chake na malipo ya awali, na mshono atauona wiki mbili baadaye. Kwa kuwa hawezi kukagua kitu ambacho bado hakijashonwa, hukagua jina. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: mteja anamwamini nani, mtu au duka?

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Morogoro, tumwite Zawadi. Alianza na cherehani moja barazani, na watu wakaelekezana "nenda kwa Zawadi". Katika hatua hiyo jina lake ndilo sahihi, tena halimgharimu hata senti. Kama angeandika ubaoni neno geni lisilojulikana na mtu, angelazimika kulieleza upya kila siku, na bado majirani wangeendelea kusema "kwa Zawadi".

Baadaye alikodi fremu, akaweka viti vitatu na draya mbili, akaajiri wasusi wawili. Hapo biashara zikawa mbili ndani ya mlango mmoja, na wateja wake hawana tabia moja. Mteja wa nguo hufuata mkono wa fundi. Vipimo vyake vimo daftarini, na anajua ni Zawadi anayekata kitambaa. Mteja wa nywele hufuata msusi, na msusi akihamia saluni ya ng'ambo ya barabara huondoka na namba za simu za wateja wake. Jina la Zawadi lililo juu ya mlango halimzuii mteja huyo, kwa sababu si Zawadi aliyemsuka. Tena huleta lawama: rasta zikifumuka baada ya siku tatu, mtaa mzima husema Zawadi ndiye aliyeharibu.

Ipo njia rahisi ya kujua imani ya wateja imekaa wapi. Zawadi akisafiri kwa wiki nzima, tuseme amekwenda msibani, aagize daftari liandikwe vizuri: wangapi walihudumiwa, na wangapi waliuliza "mwenyewe yupo?" wakaondoka. Tuseme kwenye nywele hesabu ikabaki karibu ile ile, lakini kwenye ushonaji ikaanguka zaidi ya nusu. Basi ushonaji ni wake binafsi, na saluni tayari imeanza kuwa ya duka.

Tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Tuseme baada ya kodi ya fremu, umeme na mishahara hubaki sh500,000 kwa mwezi, ambapo sh300,000 zinatokana na ushonaji na sh200,000 na saluni. Mumewe anahamishiwa Dodoma, naye anataka kuuza. Mnunuzi makini atazifuta kabisa zile 300,000, kwa kuwa mikono iliyozileta inaondoka. Kuhusu zile 200,000 atatazama bango. Likisomeka "Saluni ya Zawadi", atajua kwamba ama atafanya kazi chini ya jina la mtu asiyekuwepo, ama atalibadilisha na kupoteza wateja, hivyo atatoa bei ya viti na draya tu. Likiwa jina la duka, ana sababu ya kulipia na wateja pia.

Kisheria, wengi hudhani kwamba anayetumia jina lake mwenyewe hahitaji kulisajili. Upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, humwachia anayefanya biashara kwa jina lake halisi la ukoo, peke yake au pamoja na majina yake mengine. Akiongeza "Saluni" au "Mitindo", anapaswa kusajili BRELA. Huko jina linalofanana na lililokwishasajiliwa linaweza kukataliwa, na akina Zawadi si wachache. Hata cheti kikitoka, hakimpi umiliki wa jina kama alama. Ulinzi wa namna hiyo hutokana na kusajili alama ya biashara, ambayo hulindwa kwa miaka saba ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi. Kazi za saluni na za ushonaji pia huwekwa katika madaraja tofauti, kwa hiyo anayetaka kulinda zote mbili aombe zote mbili.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Neema, Upendo, Baraka na Zawadi ni majina ya watu na papo hapo ni maneno yenye maana. Mwenye duka hudhani amechagua jina la dhana, kumbe mteja anasikia jina la mtu na kuuliza yuko wapi. "Urembo" nalo halisaidii, maana linataja kazi ambayo kila saluni hufanya. Jina la mtaa hufaa hadi siku mwenye fremu anapopandisha kodi na duka likahama. Linalofaa ni neno fupi ambalo mtu husikia mara moja na kuliandika bila kukosea, na linalobeba kazi zote mbili. "Pindo na Pambo", kwa mfano, lingetosha: pindo ni la nguo, pambo ni la kichwani.

Kwa mtu aliyefika alipofika Zawadi, gazeti hili linaona kwamba bango na cheti vibebe jina la duka, na jina lake lihamie kwenye lebo ndogo inayoshonwa shingoni mwa nguo: "Mshono wa Zawadi". Lebo huenda na mkono wake. Akihamia Dodoma anaondoka nayo, na aliyenunua duka anabaki na kile alichokilipia. Bado mwenye cherehani moja, asiye na mfanyakazi, hana sababu ya kuingia gharama hiyo sasa.

Anayebadilisha jina asilifute la zamani usiku mmoja. Aliandike kwa herufi ndogo chini ya jipya, "zamani kwa Zawadi", kwa miezi sita au zaidi, hadi wateja wapya waanze kulitaja jipya bila kukumbushwa. Akishapata cheti, aende kubadilisha jina la akaunti ya benki na la lipa namba. Mteja anayelipa kwa simu husoma jina kabla ya kuweka namba ya siri, na akikuta jina asilolijua, wakati bango linasema jingine, husita na kuuliza kama fedha zinakwenda mahali pake. Siku ya Jumamosi, foleni ikiwa imefika mlangoni, swali hilo moja huwachelewesha wote walio nyuma yake.