Karatasi ya Moyo na Neno "Borderline"

Wengi hutoka kliniki na karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, wakaisoma njiani, na hofu ikawaingia kwa maneno mawili yaliyopigwa chapa juu yake. Na tuyafafanue kwa mfano mmoja.

Tuchukulie mama wa miaka 52, anayemeza dawa ya presha ya kuongeza mkojo. Ameharisha siku tatu, na duka la dawa likampa azithromaisini. Moyo ukamwenda mbio, akapimwa. Karatasi yake yasema:

```
Rate 76   QT/QTc 416/468
Sinus rhythm
Borderline prolonged QT interval
Unconfirmed
```

`Sinus rhythm` si maradhi, wala haihusiani na sainas ya pua. Maana yake ni kuwa mapigo yanaanzia mahali pake pa asili, juu ya moyo upande wa kulia. Mapigo 76 kwa dakika nayo ni sawa, kwani ada ya mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100.

`QT` ni muda wa moyo kujikaza na kujitayarisha upya kwa umeme, na `QTc` ni muda huohuo uliorekebishwa kwa kasi ya mapigo. Kwa mwanamke, wengi huweka mpaka kwenye 460. Yeye amefika 468. Basi `Borderline` yamaanisha yu ukingoni, hajatumbukia. Ikifika 500 na zaidi, hatari ya mapigo kuvurugika ghafla huwa kubwa. Na `Unconfirmed` ni ushahidi kwamba iliyosema ni mashine. Daktari hajaithibitisha bado.

Afanye nini? Arudi kwa daktari siku hiyohiyo na karatasi nzima yenye michoro, pamoja na dawa zake zote, hata za dukani na za miti shamba. Azithromaisini huweza kurefusha `QT`. Kuharisha na dawa ya mkojo hupunguza potasiamu mwilini, na upungufu huo hurefusha vilevile. Daktari ataupima mchoro kwa mkono, ataagiza damu ipimwe potasiamu, ataangalia kama dawa yaweza kubadilishwa, kisha atarudia kipimo. Mama asiache dawa ya presha kwa shauri lake mwenyewe, wala asiongeze dawa mpya, hata ya malaria, bila kuonyesha karatasi hii. Aseme pia kama amewahi kuzimia, au kama katika ukoo yuko aliyefariki ghafla angali kijana.

Lakini mwenye kuzimia, kubanwa na kifua au kukosa pumzi, akimbizwe hospitali mara moja, hata kama karatasi imeandikwa `Normal`. Kipimo hicho ni cha sekunde kama kumi tu, na moyo hupiga mchana na usiku.

Wabillahi tawfiq.