Msikimbilie fundi wa simu, anzeni na makaratasi

Mjomba wangu alipofariki, tulirudi kutoka makaburini na kitu cha kwanza binamu alishika ni simu. Mle ndani kulikuwa na picha za shosho za miaka yake ya mwisho, zile ambazo mjomba peke yake alipiga, na picha ya hati ya shamba. Mlango: namba ya siri. Binamu akajaribu mwaka wa kuzaliwa, wa ndoa, hola. Fundi mmoja mtaani akasema, "Leta, naflashi nusu saa tu."

Wacha niseme ukweli wenu: hapo ndipo familia nyingi huua picha mara ya pili. Simu za Android za siku hizi hufunga data kwa msimbo, na ukiflashi, ufunguo wa ule msimbo unafutwa pamoja na kila kitu. Utabaki na simu safi kama mpya, halafu bado itakuuliza akaunti ile ile ya Google ya marehemu. Kama kuna kadi ya kumbukumbu ndani, hiyo ni hadithi nyingine: picha zilizohifadhiwa kwenye kadi mara nyingi husomeka kwenye simu nyingine.

Lakini hata kwa kadi, nani ana ruhusa? Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kujiingilia tu mali ya marehemu bila idhini. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 14, inaadhibu kuvunja ulinzi wa mfumo bila ruhusa: faini hadi milioni 5, au jela hadi miaka 3, au zote. Ukiulizwa nani alikuruhusu, "ni mjomba wangu" si jibu.

Kwa hivyo tukageuza mpango. Kwanza cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi. Halafu barua ya chifu inayotaja warithi, kisha ombi mahakamani. Mama mdogo, mjane wake, ndiye aliyeomba, kwa sababu mke au mume husikizwa kwanza, halafu watoto. Notisi inatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Kama kuna haraka, mahakama inaweza kutoa usimamizi wa muda, wa kukusanya na kulinda mali tu, bila kugawa. Huu wengi hawaujui, na ndio unaosaidia kitu kikiwa karibu kupotea.

Tulipokaa chini tukagundua kuwa hati ya shamba haikuhitaji ile simu kabisa! Msimamizi wa mirathi anaenda kwa msajili wa ardhi na namba ya shamba, anafanya utafutaji. Karatasi nyingi ziko hivyo: aliyeitoa mwanzo ndiye wa kuulizwa. Kilichobaki kweli ndani ya simu ni picha za shosho.

Na hizo ziko kwa Google, kama mjomba aliwasha kuhifadhi nakala. Google wana fomu ya maombi kuhusu akaunti ya marehemu. Unachagua kuomba data, unatoa jina lako, kitambulisho chako, barua pepe ya marehemu na cheti cha kifo. Nenosiri hawakupi, hata ulie vipi. Wanapima kila ombi kivyake, na wanaweza kudai amri ya mahakama au kukataa tu. Sisi tuliyaandika hayo mapema ili mama mdogo asikae akihesabu siku. Na msilale: akaunti isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa, na laini ikikaa bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine. Iwekeni salio.

Maoni yangu ni kwamba bahati haifai kuwa mpango. Wewe unayesoma, fungua myaccount.google.com/inactive sasa hivi. Utaona Inactive Account Manager. Chagua akaunti ikae kimya muda gani, kati ya miezi 3 na 18, kisha taja mtu, hadi watu 10, na ni data gani apate. Ukiwa na aifoni, tafuta Legacy Contact kwenye mipangilio. Huyo utakayemchagua atapewa ufunguo wa ufikiaji, na siku ikifika atautumia pamoja na cheti cha kifo. Mchapishie, auweke na hati zako.

Mjomba angetumia dakika tano. Mama mdogo anatumia miezi. Leo jioni, kabla ya kulala, mtaje mtu mmoja, halafu mwambie umemtaja.