TUMPE MKALIMANI KARATASI ZAKE MAPEMA

Katika semina moja ya lugha mbili mzee wa Unyanyembe alisimama akaeleza jinsi misafara ilivyolipa hongo kwa watemi wa Ugogo. Mkalimani, kijana hodari kabisa, akaligeuza neno lile kwa Kiingereza chenye maana ya rushwa. Wageni wakaandika kwamba wazee wetu walikuwa wala rushwa! Kumbe hongo ya siku zile ilikuwa ushuru wa njia, uliolipwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Simlaumu kijana. Karatasi pekee aliyopewa ni ratiba, tena mlangoni asubuhi ile ile.

Sasa sisi tunatayarisha semina hapa Tabora juu ya njia hiyo ya zamani, toka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Kwihara mpaka Ujiji, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nashauri jalada la mkalimani limfikie wiki moja kabla.

Ratiba iandikwe kwa lugha zote mbili, na saa zilinganishwe kwa kidole. Saa 2 yetu ya asubuhi ni saa 8 ya Kiingereza. Ukinakili tarakimu tu, mgeni atafika saa 8 mchana. Na kama mkalimani anasubiri msemaji anyamaze ndipo ageuze, hotuba ya dakika 20 itakula 40. Asiyehesabu hivyo atawakatiza wazee wa mwisho, na wa mwisho huwa ni wetu.

Hotuba za wageni hufika zimepigwa chapa, za wazee hazifiki. Huo ni ubaguzi, ingawa hakuna aliyeukusudia. Basi katibu akae na mzee jioni moja, aandike hoja zake, majina kama Mirambo na Isike, na miaka kama 1893, alipokufa Isike akipigana na Wajerumani. Majina na tarakimu ndivyo vinavyomponyoka mkalimani kwanza.

Halafu orodha ya maneno. Arobaini yatosha, lakini kila neno liandikiwe maana yake katika semina hii. Mpagazi asigeuzwe kuwa mtumwa, maana Wanyamwezi wengi walibeba mizigo kwa ujira. Tembe liachwe tembe. Posho ilikuwa chakula cha safarini, wala si fedha ya bahasha tunayoiulizia kabla semina haijaanza!

Siku moja kabla, mzee aseme dakika 5, kijana ageuze kwa Kiingereza, na mwingine ambaye hakumsikia mzee ayarudishe kwa Kiswahili. Mzee akikunja uso, hapo ndipo pana neno la kusahihisha, na bado kuna usiku mzima wa kulisahihisha.