Jumla ikilingana, tusifurahi mbio

Tunaunga mukono kooperativi kuachia kompyuta kazi ya kulinganisha, kila asubui, ripoti ya feza ya simu na kitabu cha hesabu. Lakini isilinganishe jumla tu.

Tuseme jana tulilipa wakulima wawili wa kahawa, kila mumoja falanga 50 000. Mutunza feza akaandika malipo ya kwanza mara mbili, ya pili akayasahau. Jumla ni 100 000 pande zote mbili, kompyuta inasema sawa. Kumbe kitabuni mukulima wa pili hajalipwa, na kesho anaweza kulipwa tena.

Kwa hiyo kompyuta ianze na namba ya malipo, ile inayokuja katika mesaji, kisha ndiyo iangalie kiasi. Namba yenye kujirudia ao yenye kukosekana itaonekana palepale. Kusahihisha kubaki kazi ya mutu.